Alichokisema Dada Yake

Kati ya mwaka 2010 na 2022, Tanzania ilipata majibu manne kwa swali moja. Katika kila vizazi hai 100,000, ni wanawake wangapi hufariki kutokana na ujauzito na uzazi? Utafiti wa afya wa kaya wa 2010 ulisema 454. Sensa ya 2012 ikasema 432. Utafiti wa 2015–16 ukasema 556, na ule wa 2022 ukasema 104. Mtu akizipanga namba hizo kwenye karatasi na kuziunganisha kwa kalamu, anapata mstari unaoshuka kidogo, unaopanda ghafla, kisha unaoporomoka. Mstari huo umenukuliwa kwenye hotuba, kwenye maandiko ya miradi na kwenye tasnifu za vyuo vikuu. Sehemu yake ya kwanza haina uhakika wowote, na sehemu yake ya mwisho inahitaji kazi kubwa kabla ya kuaminiwa kama ilivyo.

Waliozinukuu namba hizo hawakuzikusanya. Walifanya kile ambacho watafiti wengi wa Afrika Mashariki hufanya leo: walichukua takwimu zilizokusanywa na wengine, kwa malengo ya wengine, wakazitumia kujibu maswali yao. Njia hiyo ni halali na ina faida kubwa. Hakuna mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeweza kutembelea kaya 12,563 kutoka Kagera hadi Mtwara na kuvuka hadi Pemba, lakini faili la utafiti wa 2015–16 linampa kaya hizo zote pamoja na wanawake 13,266 waliohojiwa ndani yake. Faili halimpi kumbukumbu ya jinsi kila jibu lilivyopatikana. Hiyo anapaswa kuitafuta mwenyewe, na katika suala la vifo vya uzazi ndiyo inayoamua maana ya namba.

Ugumu wa msingi ni kwamba vifo hivi, pamoja na uchungu wake wote, ni vichache kwa hesabu. Hata mahali ambapo uwiano ni 500 kwa vizazi hai 100,000, kifo kimoja hutokea katika kila vizazi 200. Wanawake wote waliohojiwa mwaka 2015–16 walikuwa wamezaa kiasi cha watoto elfu kumi katika miaka mitano iliyotangulia. Kwa kiwango hicho, vizazi elfu kumi vingeambatana na vifo vya akina mama 50 hivi, na hao 50 ndio hasa wasioweza kuhojiwa. Dodoso la kawaida humuuliza mama habari za watoto wake. Mama aliyefariki hayumo kwenye orodha ya wanakaya, na mara nyingi kaya yake yenyewe imekwisha kusambaratika.

Mwaka 1989, Wendy Graham, William Brass na Robert Snow walichapisha njia ya kulizunguka tatizo hilo, baada ya kuijaribu nchini Gambia. Badala ya kumtafuta marehemu, mdadisi humuuliza mwanamke aliye hai habari za dada zake. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na dada watatu au watano, kwa hiyo mahojiano na watu elfu kumi na tatu huleta habari za makumi elfu ya wanawake wengine, walio hai na waliokufa. Tafiti kubwa za afya za kaya, zile zinazojulikana kwa kifupi kama DHS, zikaichukua njia hiyo na kuipanua. Mhojiwa hutaja ndugu zake wote waliozaliwa na mama yake mzazi, mmoja baada ya mwingine, tangu kifungua mimba hadi kitinda mimba. Kwa kila mmoja anaulizwa: yu hai? Kama yu hai, ana umri gani? Kama amefariki, ilikuwa miaka mingapi iliyopita, na alikuwa na umri gani? Na kwa kila dada aliyefariki baada ya kufikia umri wa miaka 12, yanafuata maswali matatu: alikuwa mjamzito? Alifariki wakati wa kujifungua? Alifariki katika wiki chache baada ya kujifungua au mimba kutoka?

Maswali haya huulizwa kuelekea mwisho wa mahojiano marefu, mara nyingi barazani au uani, watoto wakipita na jirani akisikia. Mdadisi anayefika hapo saa saba mchana, akiwa na kaya nyingine za kumaliza, anajua kwamba kila ndugu anayetajwa humwongezea maswali. Kazi hii ni nzito, na wadadisi wanaoifanya kwa uangalifu hawasifiwi inavyostahili. Ubora wa namba ya taifa unategemea uvumilivu wao kuliko programu yoyote ya kompyuta.

Ili kuona jinsi jibu moja linavyogeuka kuwa takwimu, tumchukue mhojiwa wa kubuni aliyehojiwa Januari 2016. Ana mdogo wake wa kike aliyezaliwa Machi 1985 na kufariki Aprili 2007, siku chache baada ya kujifungua. Katika mafaili ya DHS, tarehe hazihifadhiwi kwa siku na mwaka. Huhesabiwa kwa idadi ya miezi tangu mwanzo wa mwaka 1900. Januari 2016 ni mwezi wa 1393, Aprili 2007 ni mwezi wa 1288, na Machi 1985 ni mwezi wa 1023. Ukiwa na namba hizo tatu, umri na muda vinapatikana kwa kutoa tu.

Utafiti wa 2015–16 ulikadiria vifo kwa kipindi cha miaka kumi kabla ya mahojiano. Kwa mhojiwa huyu, dirisha hilo linaanza mwezi wa 1273 na kuishia mwezi wa 1392. Mdogo wake aliishi ndani ya dirisha kwa miezi 15 kabla ya kufariki, na miezi hiyo yote alikuwa katika kundi la umri wa miaka 20 hadi 24. Kwa hiyo anaingia kwenye hesabu mara mbili: kama mwaka mmoja na robo wa maisha upande wa chini wa sehemu, na kama kifo kimoja cha uzazi upande wa juu. Wale dada walio hai huchangia miaka yao upande wa chini pekee. Mchambuzi akimaliza kujumlisha dada wote wa wahojiwa wote, anapata kiwango cha vifo vya uzazi kwa kila mwaka ambao mwanamke ameishi. Kisha anakigawanya kwa kiwango cha uzazi, yaani wastani wa watoto waliozaliwa kwa kila mwanamke kwa mwaka. Kwa mfano, kama wanawake 0.9 kati ya 1,000 hufariki kwa mwaka kwa sababu za uzazi, na kila wanawake 1,000 huzaa watoto 180 kwa mwaka, basi 0.9 kugawanya kwa 180 ni 0.005, yaani vifo 500 kwa vizazi hai 100,000.

Hapo pana mtego ambao wengi hawauoni. Kama wanawake wataanza kuzaa watoto wachache, tuseme 150 badala ya 180, na vifo vibaki vile vile 0.9, uwiano utapanda hadi 600. Hakuna mwanamke hata mmoja wa ziada aliyefariki. Uwiano umepanda kwa sababu kigawanyo kimepungua. Ndiyo maana anayelinganisha tafiti mbili hapaswi kuridhika na uwiano peke yake. Ni lazima aangalie pia kiwango cha vifo kabla hakijagawanywa, na ripoti za DHS huviweka vyote viwili kwenye jedwali moja.

Sasa turudi kwa mhojiwa wetu. Mdogo wake alifariki miezi 105 kabla ya mahojiano, yaani miaka minane na miezi tisa. Watu wachache hukumbuka msiba kwa hesabu ya namna hiyo. Wengi husema miaka mitano, au miaka kumi. Akisema "miaka kumi", kifo kile kinatoka nje ya dirisha na kutoweka kabisa kwenye makadirio. Akisema "miaka minane", kinabaki. Tabia hii ya kukimbilia namba zinazoishia na sifuri au tano inaonekana wazi katika mafaili: mchambuzi akichora idadi ya vifo kwa kila mwaka uliopita, anaona vilima kwenye tano, kumi na kumi na tano, na mabonde kati yake. Sensa nazo zina vilima hivyo katika umri, hasa kwa wazee wa vijijini waliozaliwa bila cheti. Kilima kikikaa pembeni mwa mpaka wa dirisha, makadirio ya kipindi chote yanayumba. Dawa yake rahisi ni kurudia hesabu kwa dirisha la miaka saba au tisa na kuona kama jibu linabaki karibu na lile la awali. Likibadilika sana, tatizo liko kwenye kumbukumbu za wahojiwa.

Ripoti ya 2015–16 ilipotoka, wasomaji wengi waliiweka 556 kando ya 454 ya mwaka 2010 wakahitimisha kwamba vifo vya uzazi vimeongezeka. Hitimisho hilo lilikuwa zito kwa nchi iliyokuwa ikijenga vituo vya afya na kufundisha wakunga. Lakini ripoti zenyewe zilitoa zaidi ya namba hizo mbili. Kwa 2010, makadirio yalikuwa kati ya 353 na 556. Kwa 2015–16, yalikuwa kati ya 446 na 666. Mipaka hiyo ipo kwa sababu tafiti hizi hazihoji kila mtu. Mwaka 2010 walihojiwa wanawake 10,139 katika maeneo 475 ya kuhesabia watu, na kama bahati ingeangukia maeneo mengine 475, jibu lingekuwa tofauti kidogo.

Hesabu ya kupima tofauti hiyo inaingia kwenye karatasi ndogo. Nusu ya upana wa mipaka ya 2010 ni kama 101, na nusu ya hiyo, ambayo ndiyo kipimo cha kuyumba kwa makadirio, ni kama 51. Kwa 2015–16 ni 55. Kuyumba kwa tofauti kati ya tafiti hizo mbili hupatikana kwa kuzidisha kila kimoja kwa chenyewe, kujumlisha, kisha kutafuta kipeuo cha pili: 2,601 na 3,025 ni 5,626, na kipeuo chake cha pili ni 75. Tofauti inayodaiwa ni 102. Ukigawanya 102 kwa 75 unapata kama 1.4, na kwa kawaida watakwimu huanza kuamini kwamba kuna mabadiliko ya kweli namba hiyo inapokaribia 2. Kwa ushahidi huo, vifo vingeweza kuwa vimeongezeka, vimebaki pale pale, au hata vimepungua kidogo.

Kuna kasoro ya pili katika ulinganisho ule, na hiyo haihitaji hesabu. Kila utafiti ulizungumzia miaka kumi iliyoutangulia. Namba ya 454 ni wastani wa takriban 2000 hadi 2010, na ile ya 556 ni wastani wa takriban 2006 hadi 2016. Miaka minne imo katika zote mbili. Anayesema "mwaka 2015 vifo vilikuwa 556" anazungumzia kipindi ambacho katikati yake ni karibu na mwaka 2011, na anayeilaumu au kuisifu sera iliyoanza mwaka 2014 kwa kutumia namba hiyo anaipa sera hiyo mzigo wa miaka minane kabla haijazaliwa.

Katikati ya tafiti hizo mbili ilikaa Sensa ya Agosti 2012, iliyohesabu watu 44,928,923 na kutoa uwiano wa 432. Kwa haraka, sensa inaonekana kuwa jaji bora. Inagusa kaya nyingi mno kuliko tafiti, kwa hiyo kuyumba kwa sampuli si tatizo kubwa kwake, na ina vifo vya kutosha kugawanywa kwa mikoa. Lakini sensa iliuliza swali jingine, kwa mtu mwingine, kuhusu muda mwingine. Karani aliuliza kama kuna mwanakaya aliyefariki katika miezi 12 iliyopita, na kama marehemu alikuwa mwanamke wa umri wa kuzaa, aliuliza kama kifo kilihusiana na ujauzito au uzazi. Aliyejibu alikuwa mkuu wa kaya au mtu mzima aliyekutwa nyumbani. Huenda alikuwa baba mkwe ambaye hakujua kwamba binti alikuwa na mimba ya miezi miwili.

Kisha fikiria desturi iliyoenea ya binti kurudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Akifariki huko, kaya ya mume inaweza kusema amefia kwao, na kaya ya wazazi ikasema alikwishaolewa. Hapo hatajwi popote. Au wote wawili wakamtaja, akahesabiwa mara mbili. Mjane akihama na watoto wakagawanywa kwa bibi na shangazi, kaya iliyopaswa kutoa taarifa haipo tena. Mipaka ya miezi 12 nayo huyumba: msiba wa miezi 14 iliyopita huletwa ndani kwa sababu bado unauma, na wa miezi 10 husahaulika pale ambapo wanakaya wamebadilika. Vizazi vya miezi 12, ambavyo ndivyo kigawanyo, navyo hupungua katika majibu ya sensa, hasa mtoto anapokufa mchanga. Kwa hiyo wataalamu wa idadi ya watu huvirekebisha vifo na vizazi kabla ya kuchapisha, kwa kulinganisha umbo la vifo kwa umri na umbo la watu walio hai. Namba ya mwisho ya sensa ina marekebisho hayo ndani yake, na marekebisho yana dhana zake. Anayeichukua 432 bila kusoma sura ya mbinu katika ripoti anachukua pia dhana asizozijua.

Kwa sababu hiyo, kuiweka 432 kati ya 454 na 556 kwenye mstari mmoja ni kuchanganya vipimo. Kitu kinachofaa zaidi ni kuangalia kwamba 432 imo ndani ya mipaka ya 2010 na iko chini kidogo tu ya mpaka wa chini wa 2015–16. Njia mbili zenye makosa tofauti kabisa zimefika karibu na mahali pamoja, na hilo lina uzito. Mwandishi wa sura hii anaamini kwamba kauli ya kweli kuhusu Tanzania ya miaka ile ni kwamba uwiano ulikuwa kati ya 400 na 550 hivi, na kwamba hakuna chanzo kati ya hivyo vitatu kinachoweza kuonyesha kama ulikuwa unapanda au unashuka.

Kabla ya kufika 2022 kuna jambo la kiufundi ambalo huwaangusha wachambuzi wengi siku ya kwanza. Faili la DHS likifunguliwa, kila mwanamke ni mstari mmoja, na ni rahisi kudhani kwamba kila mstari una uzito sawa. Sivyo. Mwaka 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569, chini kidogo ya asilimia 3 ya watu wote wa Jamhuri ya Muungano. Lakini ili mikoa mitano ya Zanzibar ipate makadirio yake, utafiti huchukua huko kaya nyingi kupita uwiano huo. Asiyetumia uzito wa sampuli huifanya nchi nzima ifanane na Unguja na Pemba kuliko ilivyo. Uzito huo umo kwenye safu iitwayo `v005`, na huhifadhiwa bila nukta, kwa hiyo ni lazima ugawanywe kwa milioni moja. Safu ya `v021` inaonyesha eneo la kuhesabia watu alikotoka mhojiwa, na `v022` inaonyesha tabaka la sampuli. Katika programu ya R, baada ya kuita maktaba ya `survey`, mistari hii inatosha kuanzia:

```r
d$uzito <- d$v005 / 1000000
muundo <- svydesign(ids = ~v021, strata = ~v022,
                    weights = ~uzito, data = d)
```

Kuliacha eneo nje ya hesabu hakubadilishi makadirio yenyewe, bali hufanya mipaka yake ionekane myembamba kuliko ilivyo. Wanawake 20 wa kitongoji kimoja hutumia zahanati moja na barabara moja, kwa hiyo hawaleti habari nyingi kama wanawake 20 waliotawanyika nchi nzima. Mchambuzi aliyesahau `v021` hutangaza mabadiliko ambayo takwimu zake hazina nguvu ya kuyaonyesha.

Ombi linalofuata huwa la mganga mkuu wa wilaya au mbunge: tupeni namba ya mkoa wetu. Wanawake 13,266 wakigawanywa kwa mikoa 30 ya sampuli ni wastani wa 442 kwa mkoa. Kwa chanjo au vyandarua hilo linatosha kwa makadirio ya wastani. Kwa vifo vya uzazi vinabaki vifo vichache kiasi kwamba msiba mmoja zaidi hubadilisha jibu la mkoa mzima. Na hata kama vingetosha, dada wa mhojiwa wa Singida huenda aliolewa Morogoro na kufia Dar es Salaam. Dodoso halimuulizi mhojiwa dada yake aliishi wapi, kwa hiyo ramani ya mikoa iliyochorwa kutokana na habari za dada ingeonyesha mahali wanapoishi wafiwa.

Utafiti wa 2022 ulikuwa mkubwa zaidi. Ulichukua maeneo 629, kaya 26 katika kila eneo, na kuhoji wanawake 15,254. Kazi ya uwandani iliisha Julai, mwezi mmoja kabla ya Sensa ya Agosti 2022 iliyohesabu watu 61,741,120. Hivyo maeneo yake yalichaguliwa kutoka kwenye orodha ya sensa iliyotangulia, ya 2012, wakati nchi ilikuwa na watu pungufu kwa karibu milioni 17. Hilo haliuharibu utafiti. Timu ziliorodhesha upya kaya zote katika kila eneo kabla ya kuchagua zile 26, na uzito wa sampuli hubeba ongezeko hilo. Athari yake iko kwingine: eneo la pembezoni mwa jiji lililokuwa na kaya 100 mwaka 2012 na sasa lina 600 linawapa wakazi wake wachache waliohojiwa uzito mkubwa sana, na wachache hao wakiwa na majibu ya pekee, makadirio huyumba.

Namba ya 104 iliyotoka humo iko mbali mno na 556 kuelezwa kwa bahati ya sampuli. Hata mpaka wa chini wa 2015–16, ambao ni 446, ni zaidi ya mara nne yake. Ushahidi mwingine katika tafiti hizo hizo unaelekea upande huo: wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81, na vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa vizazi hai 1,000. Kwa hiyo kupungua kwa vifo vya akina mama kunaaminika. Kinachobaki ni ukubwa wa kupungua huko. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, yanayochanganya vyanzo vingi na kurekebisha vifo visivyotajwa, yaliiweka Tanzania kwenye 238 kwa mwaka 2020. Kati ya 104 na 238 kuna tofauti ya maelfu ya wanawake kila mwaka, na mtafiti mwenye faili mkononi ana njia za kuichunguza.

Kwanza ni ufafanuzi. Tafiti za zamani za DHS zilihesabu kila kifo kilichotokea wakati wa ujauzito, kujifungua, au ndani ya miezi miwili baadaye, hata kama marehemu aligongwa na gari. Tafiti za karibuni hutenganisha: huishia siku 42 baada ya kujifungua na kuondoa ajali na ukatili. Nchi ile ile, mwaka ule ule, ingetoa namba ndogo kwa ufafanuzi mpya. Ripoti nyingi za DHS huweka makadirio ya aina zote mbili, na ulinganisho wa haki unatumia aina moja pande zote.

Pili ni kuona kama ndugu wametajwa wote. Mchambuzi anahesabu wastani wa ndugu kwa kila mhojiwa wa umri fulani, kisha anawalinganisha na wahojiwa wa kizazi hicho hicho katika utafiti uliotangulia. Mwanamke aliyezaliwa 1980 hakupungukiwa ndugu katika hesabu hii kati ya 2016 na 2022. Idadi yao ni ile ile, hata kama baadhi wamefariki, kwa sababu dodoso linawataka wote. Wastani ukishuka, kuna waliorukwa, na wanaorukwa kwa urahisi ni waliokufa. Anaangalia pia uwiano wa kaka na dada kati ya ndugu waliotajwa, ambao unapaswa kukaribia kaka 103 kwa dada 100. Kaka wakizidi sana, dada wamepotea mahali.

Tatu ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, na haitumiwi vya kutosha. Habari za ndugu zinakwenda nyuma miaka mingi, kwa hiyo faili la 2022 lina vifo vilivyotokea pia kati ya 2009 na 2015. Mchambuzi anaweza kukadiria vifo vya wanawake wa miaka 15 hadi 49 kwa kipindi hicho kutoka kwenye faili la 2022, kisha akakadiria kipindi hicho hicho kutoka kwenye faili la 2015–16. Nchi ni moja, miaka ni ile ile, na vifo ni vile vile. Faili la baadaye kwa kawaida hutoa namba ndogo kidogo, maana misiba ya zamani husahaulika. Lakini likitoa nusu tu ya vifo ambavyo faili la kwanza linavionyesha kwa miaka hiyo hiyo, basi sehemu kubwa ya anguko kutoka 556 imetokana na namna ndugu walivyotajwa, na namba ya 104 inapaswa kuandikwa pamoja na onyo hilo. Mafaili mawili yakikubaliana, anguko hilo linasimama kwa nguvu zaidi kuliko hotuba yoyote ingeweza kulisimamisha.

Kazi hiyo huchukua wiki chache kwa mtu anayejua mafaili. Inahitaji mafaili yenyewe yapatikane, na hilo si la kuchukuliwa kirahisi tangu Februari 2025, Serikali ya Marekani ilipositisha mradi wa DHS na maombi mapya ya mafaili yakakwama. Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar ndizo zilizofanya tafiti hizi pamoja na wizara za afya, na mtafiti wa Dodoma au Zanzibar anayetaka kurudia hesabu za 104 ana sababu nzuri ya kuanzia kwenye milango yao, akiwa na barua inayotaja safu anazozihitaji kwa majina: `mm1` hadi `mm16`, `v005`, `v008`, `v021` na `v022`.